Je, jana inabadilika?

Kabla ya kumrudisha mhusika wa hadithi yako nyuma katika wakati, amua jambo moja: yaliyopita yanabadilika au hayabadiliki? Tuseme Neema anarudi Mei 1996 amzuie baba yake kupanda MV Bukoba, meli iliyozama Ziwa Victoria. Akifaulu, hana tena sababu ya kusafiri, na hadithi inajikata mzizi. Mimi hupenda yasiyobadilika. Mwache aifiche tiketi. Baba anaitafuta, anachelewa, anakosa nafasi ya juu na kuishia chini melini, alikofia tangu mwanzo. Ila dokeza mapema: sura ya kwanza mama aseme, “Siku ile tiketi yake ilipotea.” Ukichagua yanayobadilika, amua Neema atabaki na kumbukumbu zipi, na usizigeuze katikati.