Umeshinda na mahakama imekupa gharama: jinsi ya kuandaa ankara isiyokatwakatwa

Hukumu inaposema "shauri linatupwa kwa gharama", mteja huona hela imeshaingia mfukoni. Kumbe alichopewa ni haki ya kuomba tu. Kiasi chenyewe kitaamuliwa na mkadiriaji wa gharama, ambaye Mahakama Kuu ni Naibu Msajili, baada ya kupitia ankara yako kipengele kwa kipengele huku wakili wa upande wa pili akikupinga. Nitaeleza utaratibu wa Tanzania Bara chini ya Amri ya Malipo ya Mawakili ya 2015, Tangazo la Serikali Na. 264, kwa kutumia ankara moja niliyoisimamia. Majina nimeyaacha, na tarakimu nimezisawazisha kidogo.

Mteja wangu ni mfanyabiashara wa Dar es Salaam. Alishtakiwa Mahakama Kuu Tanga na mtu aliyedai fidia ya jumla kwa kuvunjiwa mkataba wa ghala. Tukashinda.

Hatua ya 1: Hesabu siku 60

Siku zinaanza tarehe ya amri iliyokupa gharama. Hazisubiri siku utakayopata nakala ya hukumu. Hukumu yetu ilisomwa Machi 4, kwa hiyo mwisho ulikuwa Mei 3. Ukichelewa, itabidi kwanza uombe Mahakama Kuu ikuongezee muda kwa sababu za msingi, na "nilikuwa nasubiri nakala" ni sababu ambayo mpinzani ataishambulia kwa furaha.

Hatua ya 2: Soma mwenendo wa shauri kabla ya kuandika tarakimu yoyote

Ankara huandikwa kwa safu tano: tarehe, namba ya kipengele, maelezo ya kazi, kiasi kinachodaiwa, na safu ya mwisho unayoiacha wazi kwa ajili ya makato ya mkadiriaji. Fedha zilizotoka mfukoni, kama nauli na ada za mahakama, hukaa peke yake mwishoni. Ada ya kuhudhuria ukadiriaji wenyewe unaitaja bila kujaza kiasi.

Safu ya tarehe ndiyo huumbua watu. Shajara yangu ilionyesha mahudhurio 17. Nilipopitia mwenendo, siku moja sikuorodheshwa kabisa miongoni mwa waliofika, na siku mbili zilikuwa za maombi madogo ya zuio ambayo jaji aliyamaliza kwa kusema kila upande ubebe gharama zake. Hizo mbili, hata ungekuwa umesimama kizimbani kutwa nzima, si za kudai. Nikabaki na 14, kila moja kwa shilingi 50,000, jumla 700,000. Wakili wa upande wa pili alikuja na mwenendo wake umepigiwa mistari. Alipitia tarehe zote 14 kisha akakaa.

Hatua ya 3: Ada ya maelekezo, hapa ndipo vita ilipo

Ada ya maelekezo ni malipo ya wakili kwa kulipokea na kulibeba shauri. Karibu kila ankara inayoanguka huangukia hapa.

Kosa la kwanza ni jedwali. Kama kilichodaiwa ni deni la kiasi kinachojulikana, mathalani mkopo au bei ya mzigo, ada hufuata asilimia za Jedwali la Tisa. Fidia ya jumla haimo humo, kwa sababu kiasi chake huamuliwa na jaji, hata kama mdai ameandika milioni 300 kwenye hati ya madai. Shauri la namna hiyo huenda Jedwali la Kumi na Moja, ambako mkadiriaji huamua kiasi kinachostahili. Mwenzangu ofisini alitaka tuchukue asilimia ya zile milioni 300. Nilimwambia tukifanya hivyo, tutatumia asubuhi nzima kubishania jedwali badala ya kazi tuliyofanya.

Kosa la pili ni kuandika "shauri lilikuwa gumu" na kuishia hapo. Mkadiriaji hutazama aina na uzito wa shauri, thamani inayogombewa, masilahi ya wahusika na jinsi shauri lilivyoendeshwa. Kwa hiyo mwonyeshe: mashahidi wanne, vielelezo 23, taarifa ya mkaguzi wa hesabu tuliyoipinga, na miaka miwili mahakamani. Kisha ingia TanzLII, tovuti ya hukumu za mahakama zetu, utafute uamuzi wa mashauri mawili matatu yanayofanana na lako, uone wenzako walipewa ngapi. Tangu Premchand Raichand dhidi ya Quarry Services mwaka 1972, mahakama zetu hurudia kwamba viwango vilingane kadiri inavyowezekana, na kwamba gharama zisipande hadi mahakama ikawa ya matajiri peke yao. Mpinzani wako atainukuu kesi hiyo. Inukuu wewe kwanza, kwani humohumo imesemwa kuwa aliyeshinda arejeshewe gharama zake kwa haki.

Hoja nyingine utakayokutana nayo ni hii: "Mheshimiwa, hakuna risiti ya kielektroniki ya hiyo ada." Usibabaike. Mahakama ya Rufani imeshasema ada ya maelekezo haihitaji kuthibitishwa kwa risiti wala mkataba wa malipo, kwa kuwa mkadiriaji huipima kwa viwango vilivyowekwa kisheria.

Na usiongeze kipengele cha "kuandaa hati ya utetezi" kando ya ada hii. Wakadiriaji wengi hukifuta kwa kuona kimeshalipwa ndani ya maelekezo.

Hatua ya 4: Fedha za mfukoni

Hapa risiti ndiyo kila kitu. Tulidai safari nne za Tanga, nauli na malazi, 150,000 kila moja. Risiti mbili za nyumba ya wageni zilikuwa zimefifia hadi zikawa karatasi nyeupe, maana zile za mashine huliwa na joto. Moja nilikuwa na nakala yake, nyingine sikuwa nayo. Siku hizi natoa nakala jioni ileile.

Tuliulizwa pia: kwa nini wakili wa Dar wakati Tanga mawakili wapo? Jibu letu lilikuwa kwamba mkataba na nyaraka zote vilikuwa Dar, na mdai ndiye aliyetupeleka Tanga. Kama mteja wako ndiye mdai na yeye ndiye aliyechagua wakili wa mbali, hoja hiyo itakushinda. Bora uiache.

Hatua ya 5: Pima ankara kwa moja ya sita

Kifungu cha 48 cha Amri hiyo ya Malipo ya Mawakili kinasema ikifutwa zaidi ya moja ya sita ya ankara, ukiondoa ada za mahakama, unakosa gharama za ukadiriaji wenyewe. Ankara yetu ya kwanza ilikuwa na maelekezo 6,000,000, mahudhurio 700,000, safari 600,000, mashahidi 200,000 na nakala 100,000. Jumla 7,600,000, na moja ya sita yake ni kama 1,267,000. Uamuzi tuliousoma ulionyesha maelekezo yangeshuka hadi milioni nne na kitu. Tungekatwa zaidi ya milioni moja na nusu.

Nikashusha maelekezo hadi 5,000,000. Jumla ikawa 6,600,000, na mpaka wa kukatwa ukawa 1,100,000. Mkadiriaji alitoa maelekezo 4,200,000 na kufuta safari moja, ile isiyo na risiti. Makato yakawa 950,000, chini ya mpaka. Tulipata 5,650,000, ada za mahakama 90,000, na gharama za ukadiriaji juu yake.

Hatua ya 6: Kama hukuridhika

Una siku 21 za kupeleka rejea kwa jaji. Jaji hagusi uamuzi kwa sababu tu yeye angetoa tarakimu nyingine. Onyesha kanuni iliyokosewa, kwa mfano jedwali lisilohusika, au kiasi ambacho kwa ukubwa au udogo wake kinaonyesha wazi kuwa kanuni haikufuatwa. Mdai wetu alipeleka rejea akilalamikia zile 4,200,000, bila kutaja kanuni hata moja. Ilitupwa, naye akaongezewa gharama za rejea.