Kupima pembe ya alfa kwenye altrasaundi ya nyonga ya mtoto mchanga, hatua kwa hatua

Mwenzangu alinitumia picha ya nyonga ya kushoto ya mtoto wa kike wa wiki 7, aliyezaliwa akitanguliza makalio. Yeye alipata alfa, yaani pembe inayoonyesha mteremko wa paa la mfupa la kikombe cha nyonga, ya digrii 53, mwenzake wa zamu akapata 60, na picha ni ileile. Tofauti hiyo si ndogo: kwa 60 nyonga imekomaa, kwa 53 mtoto anaelekea kufungwa mikanda ya kupanua miguu. Nimeandika hapa njia ninayoifuata, ambayo ni ile ya daktari Reinhard Graf wa Austria, nikikaa zaidi pale walipoachana hao wawili.

Hatua ya 1: Mlaze mtoto

Alale ubavu ndani ya kitanda chembamba chenye kuta za sponji, nyonga ikiwa imekunjwa kidogo. Tumia probu bapa ya mstari, ya megahezi 7.5 au zaidi. Probu iliyopinda iache kabisa, maana inatawanya mawimbi na mistari yako yote itategemea picha iliyopotoka. Mtoto akishashiba, kazi inakuwa nusu.

Hatua ya 2: Pata mkato sahihi

Weka probu ubavuni mwa nyonga, sambamba na mwili. Unatafuta vitu vitatu katika picha moja: ncha ya chini ya iliamu, ule mfupa mpana wa nyonga, kule ndani kabisa ya kikombe, ukingo wa nje wa iliamu ukiwa umenyooka, na labramu, kile kipande kidogo cheupe cha pembetatu pembeni mwa kikombe.

Anza na ncha ya chini. Ukishaipata, usiiachie: izungushe probu kidogo kidogo huku ncha ikibaki kwenye skrini, mpaka iliamu inyooke. Iliamu ikionekana imepinda au imebonyea, mkato umekwenda mbele au nyuma mno. Watu wengi huanza na iliamu iliyonyooka kisha wakahangaika kutafuta ncha, na wanachoka kabla ya mtoto.

Kikikosekana kimoja kati ya hivyo vitatu, usipime. Isipokuwa kichwa cha paja kimetoka kwenye kikombe: hapo ncha ya chini inaweza isionekane katika mkato huo, kwa kuwa kichwa kimehama na wewe umekifuata. Nyonga ya namna hiyo inatambulika kwa umbo lake. Ieleze kwa maneno, usiibandike namba.

Hatua ya 3: Hakikisha probu haijainama

Probu inaweza kuinama na vile vitu vitatu vikaendelea kuonekana, au vikaonekana karibu vyote. Mwinamo wa hatari zaidi ni ule wa kuelekeza mawimbi kutoka chini ya mwili kwenda juu, kwa sababu unaifanya nyonga nzima ionekane dhaifu. Nikitaka kuugundua naangalia shingo ya paja: mpaka kati ya mfupa na gegedu lake unatakiwa uonekane. Ukiwa haupo, nanyoosha probu na kupiga picha upya. Mimi napenda kifaa cha kuishika probu wima kuliko kutegemea mkono, na sioni aibu kukitumia.

Hatua ya 4: Mstari wa msingi

Kuza picha kwanza. Chora mstari kuanzia pale utando wa gegedu unaposhikana na iliamu, juu ya kikombe, ukishuka chini huku ukigusa ukingo wa iliamu. Kumbuka tu kwamba kosa la digrii 3 hapa linahamia moja kwa moja kwenye alfa.

Hatua ya 5: Mstari wa paa la mfupa

Hapa ndipo wenzetu walipoachana.

Mstari huu unaanzia kwenye ncha ya chini ya iliamu. Ushikilie hapo kama bawaba, kisha uzungushe kutoka upande wa kichwa cha paja kuelekea paa, mpaka uguse mfupa. Unapogusa tu, simama. Usiupitishe ndani ya mfupa, na usiulazimishe upite pale mfupa unapogeuka kutoka kubonyea kwenda kuvimba. Hiyo nukta ya kugeuka ni ya mstari wa tatu, unaopita kwenye labramu na kutoa pembe ya beta. Ukingo ukiwa wa mviringo, mistari haikutani mahali pamoja, na hilo si kosa. Pembe kati ya mstari huu na ule wa msingi ndiyo alfa.

Shida kubwa iko kwenye ile bawaba yenyewe. Kando ya ncha ya chini, upande wa kichwa cha paja, kuna mafuta na ligamenti inayokishika kichwa. Navyo vinang'aa. Ukiwa na haraka, jicho linaishia kwenye mng'ao wa kwanza linaoukuta, na huo mara nyingi si mfupa.

Kuvitenganisha, punguza geini taratibu. Mafuta na ligamenti vitafifia, mfupa utabaki mweupe wenye ukingo mkali, na nyuma yake kivuli. Kama mtoto bado yuko kitandani, tikisa paja kidogo sana: ligamenti hufuata kichwa, mfupa hautikisiki. Picha iliyoganda haikupi nafasi hiyo, ndiyo maana nasisitiza kuitambua ncha kabla ya kubonyeza kitufe cha kugandisha.

Sasa rudi kwa mtoto wetu. Nilipima kutoka pale mstari unapogusa paa hadi kwenye ncha halisi: milimita 8.7 kwenda ndani, kwa pembe mraba na mstari wa msingi, na milimita 5 kwenda chini. Hesabu yake:

```
tan α = 8.7 / 5   →  α ≈ 60°
tan α = 6.7 / 5   →  α ≈ 53°
```

Mstari wa pili ni wa mwenzangu. Aliweka bawaba kwenye mng'ao wa ligamenti, milimita 2 tu nje ya ncha, na zikapotea digrii 7. Paa zima halifiki milimita 11, kwa hiyo usitegemee jicho bila kukuza.

Hatua ya 6: Isome namba pamoja na umri

Digrii 60 kwenda juu ni aina ya I, nyonga iliyokomaa. Kati ya 50 na 59, umri ndio unaoamua: chini ya wiki 12 ni IIa, baada ya hapo ni IIb. Na hata ndani ya IIa kuna ngazi, kwa kuwa kiwango cha chini kinapanda kutoka 50 wakati wa kuzaliwa hadi 60 katika wiki ya 12. Katika wiki ya 6 kinatakiwa kisipungue 55. Ndiyo maana 53 katika wiki ya 7 ingehesabiwa kuwa nyonga iliyobaki nyuma. Kati ya 43 na 49 utahitaji beta: ikizidi 77 ni aina ya D, isipozidi ni IIc. Chini ya 43 ni III au IV, na hapo umbo la gegedu ndilo linalotenganisha, si namba.

Piga picha mbili za kila nyonga, kila moja umeitafuta upya, na upime zote. Zikitofautiana kwa zaidi ya digrii chache, rudi uangalie bawaba kwanza, kisha mstari wa msingi. Kwenye ripoti andika umri kwa wiki, alfa ya kila upande na aina yake, na uambatishe picha ikiwa na mistari, pamoja na nyingine isiyo na mistari ili anayefuata aweze kuchora ya kwake.