LSH: ukikosa majirani, ongeza majedwali kwanza

LSH hutafuta vekta zinazofanana kwa kuzihashi ili majirani waangukie ndoo moja. Kwenye LSH ya kosaini, kila bapa la nasibu linalopita kwenye sifuri hutoa biti moja: vekta iko upande huu au ule. Biti k zikiunganishwa ndizo namba ya ndoo.

Vekta mbili zenye pembe ya digrii 30 kati yake hupata biti sawa kwa uwezekano p wa 1 − 30/180, yaani 0.83. Kwa biti 10, zitaangukia ndoo moja mara 16 tu kati ya 100. Usikimbilie kupunguza biti, ndoo zitafurika. Ongeza majedwali L, kila moja na mabapa yake; uwezekano wa kukutana kwenye angalau jedwali moja ni:

```
1 - (1 - p**k)**L
```

Majedwali 20 yanakufikisha 97%, ilhali vekta zenye pembe ya digrii 90 hukutana kama 2% tu. Gharama ni kumbukumbu: kila vekta inasajiliwa mara 20. Waliokutana wapange upya kwa kosaini halisi.

Ndoo moja ikibeba nusu ya data, vekta zako zimeelemea upande mmoja. Ondoa wastani wa data kwenye kila vekta kabla ya kuhashi, na kwenye vekta ya swali pia. Hapo ndipo wengi husahau.