Mdai wa Deni Akipiga Simu, Mwambie Alete Hesabu Kwanza

Kabla ya kuhamia upande wa wadaiwa, nilikaa miaka kadhaa kwenye dawati la simu la kampuni ya kukusanya madeni hapa Nairobi. Ninajua anachokiona yule anayekupigia: jina lako, namba ya kitambulisho, na jumla ya pesa. Mara nyingi mkataba hana, wala orodha ya malipo yako. Ukimwomba hivyo viwili kwa maandishi, lazima arudi benki.

Nitaeleza kwa kesi ya mama mmoja anayeuza nguo Gikomba. Alikuja na ujumbe unaomtaka alipe shilingi 147,600 "kabla ya saa kumi leo". Alikuwa amekopa 80,000 benki, akalipa hadi mkopo wenyewe, bila riba, ukabaki 52,000. Biashara ikayumba, mkopo ukakwama. Baadaye alituma 3,000 mara mbili kwa M-Pesa.

Hatua ya 1: Kata simu bila kuahidi. Uliza jina lake, kampuni yake, nani amemtuma, na barua pepe ya kujibia. Kisha mwambie: "Nitakujibu kwa maandishi." Usiseme "nipe wiki mbili nitalipa", na usitume mia tano ili atulie. Chini ya Sheria ya Ukomo wa Mashtaka, deni la mkataba haliwezi kudaiwa kortini baada ya miaka 6, lakini ukilipa sehemu yake au ukilikiri kwa maandishi yenye sahihi yako kabla muda huo haujaisha, miaka hiyo 6 huanza upya. Hiyo mia tano wanaiomba kwa sababu.

Hatua ya 2: Piga hesabu yako mwenyewe. Hapa ndipo watu wengi huokoa pesa. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinasema kwamba mkopo ukishakwama, benki haiwezi kudai riba inayozidi kiasi cha mkopo kilichokuwa kimebaki siku ulipokwama. Juu yake inaongezwa gharama ya kudai, basi. Kwa mama wa Gikomba:

Mkopo uliobaki: 52,000
Riba ya juu kabisa: 52,000
Jumla: 104,000
Toa aliyolipa baadaye: 6,000
Inabaki: 98,000

Kwa hiyo kuna 49,600 ambazo mdai lazima azieleze. Zikiwa gharama za kudai, alete risiti. Usitegemee kumbukumbu yako kuhusu malipo: toa taarifa ya M-Pesa kupitia `*334#` na upige mstari kila muamala uliokwenda benki.

Hatua ya 3: Andika barua. Ukurasa mmoja unatosha, na nakala iende benki yenyewe. Ya mama huyu ilisema hivi:

"Nimepokea dai lenu la shilingi 147,600. Ninapinga kiasi hicho, na barua hii si kukiri deni lolote. Nileteeni nakala ya mkataba, taarifa ya akaunti ya mkopo tangu siku ya kwanza, tarehe mkopo ulipohesabiwa kuwa umekwama, mchanganuo wa riba, faini na gharama, na barua ya benki inayowapa idhini ya kudai kwa niaba yake. Malipo mawili ya 3,000 hayaonekani kwenye dai lenu, ushahidi nimeambatisha. Ninaomba taarifa zangu pia chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019."

Sentensi ya mwisho ina meno. Barua nyingi za mtandaoni hutaja siku 30 za kuthibitisha deni. Hiyo ni sheria ya Marekani, na mdai wa hapa ataicheka. Lakini kanuni zetu za data za 2021 zinampa anayeshikilia taarifa zako siku 7 kukupa ukiziomba. Akinyamaza, unaweza kulalamika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Hatua ya 4: Soma jibu kwa jicho kali. Picha ya skrini yenye jumla si ushahidi. Unataka kuona kila mwezi: kilichoongezwa, kilicholipwa, kilichobaki. Kama umeshaandikishwa CRB kwa kiasi hicho hicho, wasilisha pingamizi kwa CRB yenyewe pia, maana barua kwa mdai haifiki huko.

Na kama ulichopokea ni karatasi za korti, mathalani Korti ya Madai Madogo inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, barua hii haitoshi. Jibu kortini ndani ya siku zilizoandikwa kwenye samansi, la sivyo hukumu itatolewa bila wewe.

Benki ilimjibu mama siku ya tisa. Zile 6,000 zilikuwa zimeingia akaunti nyingine kwa namba iliyokosewa tarakimu moja. Dai jipya lilikuwa 98,000 na gharama ya 4,500 yenye risiti. Alikubali kulipa kidogo kidogo, kwa makubaliano yaliyoandikwa, na pesa ziende namba ya benki, si simu ya yule kijana aliyempigia.