Kugeuza orodha ya vifungu kuwa chati ya kulinganisha: makosa ya kuua, Tanzania na Kenya

Mdogo wangu anayesoma sheria alinijia na orodha ndefu ya vifungu vya Kanuni za Adhabu za nchi mbili, Sura ya 16 ya Tanzania (toleo la 2019) na Sura ya 63 ya Kenya. Tuliigeuza chati hivi.

1. Fungua Google Sheets. Orodha kaa nayo kwenye jedwali uliloliita `ghafi`: safu A mada, B nchi (TZ au KE), C kifungu pamoja na maelezo mafupi. Mstari wa 1 uwe wa vichwa, data ianze mstari wa 2. Wengine hutumia Word. Mimi siipendi kwa kazi hii, maana mstari mmoja ukisogea unapanga upya kwa mkono.

2. Andika mada. Hapa ndipo tulipopoteza jioni nzima. Alikuwa amepanga vifungu kwa namba na kuviweka sambamba, na mwanzoni vinaoana vizuri: kuua bila kukusudia ni 195 na 202, kuua kwa kukusudia 196 na 203, adhabu yake 197 na 204, kisha adhabu ya kuua bila kukusudia 198 na 205. Tofauti ni saba kila mara, ukaamini. Lakini 199 ya Tanzania ni mama kumuua mtoto wake mchanga, na 206 ya Kenya ni nia ovu. Kuanzia hapo chati yote ni ya uongo. Nia ovu ya Tanzania iko 200, na kifungu cha mtoto mchanga cha Kenya kiko 210. Kwa hiyo soma kila kifungu, kisha kipe mada kwa maneno yaleyale pande zote mbili, bila nafasi ya ziada mwishoni.

3. Kwenye jedwali jipya, mada ziwe A2 kushuka, B1 iwe TZ, C1 iwe KE. Weka B2, kisha buruta kulia na chini:

```
=IFERROR(TEXTJOIN(CHAR(10),TRUE,FILTER(ghafi!$C$2:$C,ghafi!$A$2:$A=$A2,ghafi!$B$2:$B=B$1)),"HAKUNA")
```

Ukiona HAKUNA, usiandike kwamba nchi ile haina kifungu. Mara nyingi ni "nia ovu" upande mmoja na "nia mbaya" upande wa pili. Rudi `ghafi` kwanza.

4. Safu D, tofauti, ijaze kwa mkono huku sheria zote mbili ziko wazi mbele yako. Mfano wa nia ovu: 200(c) ya Tanzania inataka dhamira ya kutenda kosa lenye adhabu inayozidi kifungo cha miaka mitatu. 206(c) ya Kenya inasema tu kosa kubwa, na maana yake iko kifungu cha 4, ambako miaka mitatu kamili inatosha. Kosa la miaka mitatu kamili laweza kuingia Kenya na likabaki nje Tanzania. Hilo huliandiki bila kufungua kifungu cha 4, basi kipe mstari wake kwenye `ghafi`.

5. Chapisha kwa kulaza karatasi.