Balansi imesoma sifuri, usukani bado unatetemeka: jinsi ya kusoma Road Force

Mashine ya kawaida ya balansi huzungusha tairi likiwa hewani na kutafuta kitu kimoja tu, yaani upande ulio mzito. Haijui tairi litafanya nini likibeba gari. Tairi linaweza kuwa na uzito uliosambaa sawasawa kabisa huku sehemu moja ya ukuta wake ikiwa ngumu kuliko nyingine, au umbo lake likiwa la yai kidogo. Sehemu hiyo ikifika chini, husukuma ekseli juu. Hakuna chuma cha balansi kinachoondoa msukumo huo, na kipimo chake ndicho kinachoitwa Road Force.

Chukua tairi la 195/65R15. Gramu 10 zikikosekana kwenye ukingo wa rimu, kwa kilomita 100 kwa saa, tofauti ya msukumo kati ya juu na chini ni kama kilo 3. Tairi la ukubwa huo hubonyea takriban milimita 1 kwa kila kilo 20, kwa hiyo likipanda na kushuka nusu milimita tu kwa mzunguko, tofauti inafika kilo 10. Ndiyo maana fundi anaweza kuhangaika na gramu 5 siku nzima bila mteja kuona nafuu.

Hatua ya 1: Andaa tairi. Liendeshe kilomita 15 hivi kabla ya kupima. Gari lililolala siku kadhaa huacha bapa pale tairi lilipokanyaga, na bapa hilo litasomeka kama ubovu. Weka upepo wa kiwango cha gari. Angalia mstari mwembamba unaozunguka tairi karibu na rimu: ukizama upande mmoja, tairi halijakaa vizuri kwenye rimu. Toa upepo, paka sabuni ya kufungia tairi, jaza upya.

Hatua ya 2: Hakikisha gurudumu limekaa katikati ya shafti ya mashine. Hapa ndipo vipimo vingi huharibika. Fanya balansi mpaka sifuri, legeza, zungusha gurudumu nusu duara juu ya shafti, kaza, pima tena. Zikitokea gramu 10 au zaidi, koni haijashika vizuri au tundu la katikati lina kutu. Usiendelee mpaka hapo pamekaa sawa.

Hatua ya 3: Pima chini ya mzigo. Mashine yenye rola huikandamiza tairi kwa nguvu kubwa, huizungusha polepole, kisha skrini huonyesha Road Force kwa kilo, Nyutoni au ratili (ratili 1 ni kilo 0.45). Kwa gari dogo, kati ya kilo 8 na 12 ndipo malalamiko huanza, kutegemea gari lenyewe. Baadhi ya mashine hupima pia nguvu ya pembeni. Hiyo inaeleza gari kuvuta upande mmoja, si mtetemo, kwa hiyo usizichanganye.

Hatua ya 4: Tenganisha kosa la rimu na la tairi. Tuseme gurudumu limesoma kilo 18. Usilitupe tairi bado. Pima rimu pale tairi linapokalia, ukingo wa ndani na wa nje, kwa dial geji au mkono wa mashine. Ukipata wastani wa milimita 0.3, rimu peke yake inachangia kama kilo 6. Mahali pake pa juu pakiwa pamelingana na pa tairi, basi tairi lina kilo 12 na viwili hivyo vimejumlishana.

Hatua ya 5: Vipinganishe. Weka chaki mahali pa juu pa tairi, na nyingine mahali pa chini pa rimu. Toa upepo, achanisha tairi na rimu, zungusha mpaka chaki zikutane, jaza, pima. Sasa 12 inapunguzwa na 6, zinabaki kilo 6. Kisha fanya balansi upya, kwa sababu uzito nao umehama.

Tairi jipya likiwa na nukta nyekundu, kwa kawaida hapo ndipo pa juu. Iwekwe kwenye alama ya mahali pa chini pa rimu kama ipo. Nukta ya njano ni upande mwepesi, nayo huelekezwa kwenye valvu. Kwenye matairi ya mitumba nukta zimeshafutika, na uchakavu umeshabadilisha umbo, kwa hiyo pima tu.

Kipimo kikigoma kushuka baada ya kugeuza, na rimu imenyooka, badilisha tairi. Likiwa pembezoni mwa kiwango, lipeleke nyuma, ambako usukani haulisikii sana.

Magurudumu yote manne yakisoma chini ya kilo 8 na mtetemo upo, acha matairi. Rimu za kununua zenye tundu kubwa kuliko habu zinahitaji pete ya kuzikamata katikati. Bila pete, nati peke yake huzifunga kando kidogo, na mashine haitakuonyesha. Mtetemo ukitokea unapokanyaga breki tu, tazama diski. Ukitokea unapokanyaga mafuta na kutulia ukiachia, tazama shafti za magurudumu.