Somo: Kuanzia, hadi, kabla ya, ifikapo. Siku ya mwisho imo au haimo?

Chukua barua moja iliyotolewa chini ya sheria ya Tanzania: "Unatakiwa kuwasilisha maelezo yako ndani ya siku 14 kuanzia tarehe 23 Juni 2026." Wape watu watatu wakutajie siku ya mwisho. Wa kwanza atasema Jumatatu tarehe 6 Julai, wa pili Jumanne tarehe 7, wa tatu Jumatano tarehe 8. Hakuna aliyekosea hesabu. Wametofautiana juu ya neno "kuanzia" na juu ya sikukuu moja.

Tuifungue barua hiyo hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Angalia kama umepewa tarehe mbili au idadi ya siku

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa, kwa sababu kihusishi kilekile hufanya kazi mbili tofauti.

Ukiandikiwa tarehe mbili, "kuanzia tarehe 1 hadi tarehe 30 Juni", hakuna ugomvi. Tarehe 1 imo, tarehe 30 imo, jumla siku 30. Anayekwenda dirishani tarehe 30 yumo ndani ya muda.

Ukiandikiwa tarehe moja na idadi ya siku, "siku 14 kuanzia tarehe 23", swali linazaliwa: tarehe 23 yenyewe ni siku ya kwanza, au hesabu inaanza kesho yake? Ukiihesabu, siku ya 14 ni tarehe 6 Julai. Ukiiacha, ni tarehe 7 Julai.

Hatua ya 2: Amua siku ya kuanzia

Tanzania Bara jibu linatafutwa katika Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, kifungu cha 60. Kinatenganisha hali mbili. Muda ukielezwa kwamba unaanza siku fulani, siku hiyo inahesabiwa. Muda ukielezwa kwamba unahesabiwa tangu au baada ya siku fulani, siku hiyo haihesabiwi. Sababu ya kuiacha ni ya kawaida tu: barua inaweza kukufikia saa 9 alasiri, na sheria haipendi kuhesabu vipande vya siku. Kwa hiyo siku ya tukio inawekwa kando na hesabu inaanza na siku nzima inayofuata.

Sasa litazame neno letu. "Kuanzia" limetokana na kuanza. Masikioni mwa Mswahili linaikumbatia siku yake: duka likisema "punguzo kuanzia Jumatatu", Jumatatu yenyewe utakwenda kununua. Lakini nalo ndilo neno ambalo waandishi wa barua za ofisini hulitumia kwa ile hali ya pili, ya kuhesabu tangu tukio. Limekaa katikati ya hali hizo mbili, na kila upande unaweza kulivutia kwake. Jambo hili lina uzito zaidi tangu mwaka 2021, Sheria hiyohiyo ilipofanyiwa marekebisho na Kiswahili kuwa lugha ya sheria.

Maoni yangu ni haya. Ukiwa mpokeaji wa barua, jipe ile tarehe ya mapema, yaani 6 Julai, hata kama unaamini una haki ya kufika tarehe 7. Ukiwa mwandishi, usiliweke "kuanzia" mbele ya idadi ya siku. Andika "ndani ya siku 14 baada ya tarehe 23 Juni 2026, bila kuihesabu tarehe hiyo". Bora zaidi, malizia na tarehe yenyewe: "yaani si baada ya tarehe 7 Julai 2026".

Hatua ya 3: Tazama siku ya mwisho imeangukia wapi

Tarehe 7 Julai ni Sabasaba. Kifungu hichohicho cha 60 kinasema siku ya mwisho ikiangukia Jumamosi, Jumapili au sikukuu ya taifa, jambo hilo laweza kufanywa siku inayofuata ambayo si ya mapumziko. Ndiyo maana yule mtu wa tatu alisema tarehe 8.

Angalia mipaka yake lakini. Kinachosogea ni siku ya mwisho tu. Jumamosi na Jumapili zilizomo katikati ya zile siku 14 zinahesabiwa kama siku nyingine, isipokuwa imeandikwa "siku za kazi". Pia kanuni hizi ni za kusomea sheria zilizotungwa. Mkataba wa watu wawili, tangazo la zabuni au fomu ya chuo hufuata maneno yake wenyewe, na haviongezewi siku kwa sababu tu ofisi imefungwa.

Hatua ya 4: Soma neno la mwisho wa muda

*Hadi* na *mpaka*: siku iliyotajwa imo. Kwa matumizi haya maneno mawili haya ni ndugu. Mimi huchagua "hadi" kwenye maandishi, kwa kuwa "mpaka" pia ni ule mstari kati ya mashamba mawili, na mstari wenyewe hauna mwenyewe.

*Kabla ya*: siku iliyotajwa haimo. "Kabla ya tarehe 30 Juni" maana yake mwisho ni tarehe 29. Tangazo likisema "kabla ya" huku mwandishi akikusudia tarehe 30 iwemo, kosa ni lake, ila fomu itakayokataliwa ni yako.

*Ifikapo*: hapa kuna utata wa kweli. "Ifikapo tarehe 30" kwa maana ya neno ni wakati tarehe 30 inapofika, na tarehe hufika inapoanza, haifiki inapokwisha. Msomaji mkali atasema kazi iwe imekwisha tarehe 29. Msomaji wa kawaida atasema tarehe 30 imo. "Ifikapo Juni 2026" ni mbaya zaidi, kwa kuwa kati ya tarehe 1 na tarehe 30 kuna mwezi mzima wa kubishania. Tumia "si baada ya tarehe 30 Juni 2026". Nalo linajitosheleza: tarehe 30 imo, tarehe 1 Julai haimo.

Hatua ya 5: Weka saa, na uitaje sehemu ya siku

"Hadi tarehe 30" bila saa huacha wazi kama mwisho ni ofisi kufungwa au siku kwisha. Andika "saa 10:00 jioni", na neno "jioni" lisikosekane kamwe. Ukiandika "saa 10:00" peke yake, mtu akiingiza kwenye mfumo wa kompyuta kama 10:00, maombi yatafungwa saa 4:00 asubuhi, saa sita kabla ya ulivyokusudia. Kwenye mfumo inatakiwa isomeke 16:00.

Iogope zaidi "saa 6:00 usiku wa tarehe 30". Ni ile saa sita inayoifungua tarehe 30 au inayoifunga? Katika kuhesabu siku kwa desturi ya Kiswahili, usiku hutangulia mchana, ndiyo maana kuna wanaosema "usiku wa Ijumaa" wakikusudia Alhamisi jua likishazama. Andika "saa 5:59 usiku, tarehe 30 Juni", ambayo kwenye kompyuta ni 23:59. Dakika moja umeipoteza, ubishi umekwisha.

Maswali ya wanachama

Dalali wa nyumba: Mkataba wetu wa mwaka mmoja unasema "kuanzia tarehe 1 Julai 2026 hadi tarehe 1 Julai 2027". Mpangaji mpya anataka kuingia tarehe 1 Julai 2027 asubuhi. Wa zamani anasema siku hiyo bado ni yake.

Jibu: Kwa maneno hayo ana hoja nzuri. "Hadi" inaiingiza tarehe iliyotajwa, kwa hiyo mmeandika mwaka mmoja na siku moja. Mkataba mpya nao ukisema "kuanzia tarehe 1 Julai 2027", siku hiyo ina wapangaji wawili na chumba kimoja. Mwaka unaoanza tarehe 1 Julai 2026 unaishia tarehe 30 Juni 2027. Ongeza na saa ya kukabidhi funguo.

Katibu wa kikundi: Katiba yetu inasema notisi ya mkutano mkuu itolewe "si chini ya siku 21 kabla ya mkutano". Mkutano ni Jumamosi tarehe 25 Julai 2026. Nikitoa tarehe 4 Julai siko sawa? 25 kutoa 4 ni 21.

Jibu: Kutoa namba kunakudanganya, ndugu katibu. Penye "si chini ya", kifungu cha 60 huacha siku zote mbili, ya notisi na ya mkutano, na mjumbe anayetaka kuupinga mkutano wenu atawasomea katiba kwa namna hiyohiyo. Hesabu siku zilizomo katikati. Ukitoa tarehe 4, zilizobaki ni tarehe 5 hadi 24, yaani siku 20. Umepungukiwa na moja. Toa tarehe 3 Julai au mapema zaidi.

Mwanafunzi: Fomu ilisema "kabla ya tarehe 30". Nimepeleka tarehe 30 saa 3 asubuhi, karani amepokea na kugonga muhuri bila neno. Si inatosha?

Jibu: Muhuri unathibitisha siku fomu ilipopokelewa. Hauthibitishi kwamba ilikuwa ndani ya muda, na mara nyingi karani wa mapokezi si mwenye kuamua hilo. Kwa bahati mbaya muhuri wenyewe ndio unaoonyesha tarehe 30. Andika leo barua fupi ya kuomba ipokelewe nje ya muda, usingoje wakujibu kwanza.

Msomaji wa Mombasa: Huku kwetu Kenya hesabu ni hiyohiyo?

Jibu: Siku ya tukio inaachwa vilevile, na siku ya mwisho ikiwa Jumapili, sikukuu au siku isiyo ya kazi za serikali, inasogea. Hayo yamo katika kifungu cha 57 cha sheria ya tafsiri, Sura ya 2. Ila mnacho kipengele cha kuangalia: muda ukiwa hauzidi siku 6, siku hizo za mapumziko hazihesabiwi hata zikiwa katikati. Amri ya siku 5 tangu Alhamisi tarehe 2 Julai 2026 inahesabiwa hivi: Ijumaa tarehe 3 ni ya kwanza, Jumamosi na Jumapili zinarukwa, Jumatatu tarehe 6 ni ya pili, na ya tano ni Alhamisi tarehe 9. Sabasaba si sikukuu ya taifa kwenu, kwa hiyo tarehe 7 inahesabiwa. Muda ukiwa siku 7, upendeleo huo haupo.

Mhariri: Naweza kuandika "tangu tarehe 1 Agosti" kwa jambo ambalo halijafika?

Jibu: Itasikika vibaya. "Tangu" huangalia nyuma: "hajalipa tangu Mei". Kwa tarehe ijayo ambayo jambo linaanza siku hiyohiyo, "kuanzia" ndilo neno lake, na hapo halina utata wowote.